Pembejeo, mazao au matokeo: kliniki ya presha ihesabu nini?

Mara nyingi huulizwa swali hili na waganga wafawidhi na wauguzi waliopewa jukumu la ufuatiliaji na tathmini juu ya kazi zao nyingine: "Tuna nafasi ya viashiria vichache tu. Tuchukue vipi?" Ramani ya mantiki ya programu imeshachorwa na kubandikwa ukutani, visanduku vimeunganishwa kwa mishale kutoka kushoto kwenda kulia, lakini chini ya kila kisanduku pamebaki patupu. Hapo ndipo watu wanapokwama, nami nitajaribu kuwasaidia kwa kulinganisha ngazi tatu: pembejeo, mazao na matokeo.

Ili tusipotee kwenye nadharia, tuchukue kliniki moja. Ni kliniki ya shinikizo la juu la damu kwenye kituo cha afya, hufanyika kila Jumanne. Ina tabibu mmoja, muuguzi mmoja, mashine mbili za kidijitali za kupimia na dawa ya amlodipini ya miligramu 5. Namba nitakazotumia ni za mfano, nimeziweka ndogo ili uweze kuzifuata kwa kalamu.

Mantiki yenyewe inasomeka kwa maneno mawili, *ikiwa* na *basi*. Ikiwa mashine, dawa na watumishi vipo, basi mgonjwa atapimwa na kuondoka na dawa za mwezi mzima. Ikiwa ataondoka na dawa na kuzimeza, basi presha yake itashuka chini ya 140/90. Sehemu ya kwanza ya mnyororo ni pembejeo, yaani vinavyoingia. Ya katikati ni mazao, yaani huduma iliyotoka mikononi mwa kliniki. Ya mwisho ni matokeo, yaani kilichobadilika kwa mgonjwa. Daktari Avedis Donabedian aliutumia mpangilio unaokaribiana na huu mwaka 1966 alipogawa upimaji wa ubora wa tiba katika muundo, mchakato na matokeo.

Tahadhari moja kabla ya kulinganisha. Kitu kilekile hubadilika ngazi kulingana na programu ni ya nani. "Wauguzi 6 wamefundishwa kupima presha" ni zao kwa mradi wa mafunzo, lakini kwa kliniki yetu ni pembejeo, kwa sababu mafunzo ni kitu tulicholetewa ili tufanye kazi. Nimeona mikutano ikimaliza saa nzima kwenye ubishi huu. Ubishi huisha mkishaandika juu ya ramani: *programu hii ni ya nani, na inaishia wapi.*

## Vigezo vya kulinganishia

Kila ngazi nitaiuliza maswali manne yaleyale. Inajibu swali gani? Takwimu zake zinatoka wapi na zinadai kazi kiasi gani? Inakujulisha mapema kiasi gani kwamba kuna tatizo? Na inapotosha vipi, maana hakuna kiashiria kisichopotosha. Baada ya hapo nitasema inamfaa nani.

## Pembejeo

Swali inalojibu. Je, kliniki ina uwezo wa kufanya kazi iliyoahidi? Kwa kliniki ya presha, pembejeo zinazostahili kuhesabiwa ni chache: dawa, mashine inayofanya kazi yenye mkanda wa mkononi wa saizi inayofaa, na mtumishi aliyepo siku ya kliniki. Mkanda si jambo dogo. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene hutoa kipimo cha juu kuliko presha halisi, na mtu anaandikishwa kwa ugonjwa ambao pengine hana.

Takwimu na kazi yake. Hapa ndipo pembejeo zinapopendeza. Dawa zinasomwa kwenye kadi ya stoo au leja, watumishi kwenye daftari la mahudhurio. Ni kazi ya nusu saa kwa mwezi.

Uharaka. Hakuna ngazi inayokuonya mapema kuliko hii. Tuseme kliniki yetu ina wagonjwa 240 wanaoendelea na dawa, kila mmoja kidonge kimoja kwa siku. Mahitaji ya siku 30 ni vidonge 7,200. Bohari imeleta 5,000. Kwa hesabu hiyo peke yake unajua, tarehe 1 ya mwezi, kwamba dawa hazitafika mwisho wa mwezi. Huhitaji kusubiri presha ya mtu ipande ndipo upige simu wilayani.

Inavyopotosha. Njia ya kwanza iko wazi: kitu kinaweza kuwepo na kisitumike. Mashine mpya imefungiwa kabatini na ufunguo uko kwa mtu aliye likizo, na ripoti inasema mashine ipo. Njia ya pili inahitaji kutazamwa kwa karibu. Kiashiria kinachotumika sana ni "siku za kuishiwa dawa katika mwezi". Rudi kwenye vidonge vyetu 5,000. Wagonjwa 240 wamegawanywa kwenye Jumanne nne, 60 kila Jumanne, na kila Jumanne inahitaji vidonge 1,800. Jumanne mbili za kwanza zinakula 3,600. Jumanne ya tatu imebaki na 1,400, vinavyotosha watu 46 kwa kipimo cha siku 30. Watu 14 wanaondoka mikono mitupu, na wote 60 wa Jumanne ya nne vilevile. Kalenda itasema dawa zilikosekana kwa siku kumi hivi, theluthi ya mwezi. Lakini kama dawa zingeisha Jumatano na kuletwa Jumatatu inayofuata, kalenda ingeandika siku za kukosa dawa bila mgonjwa hata mmoja wa kliniki kuumia. Siku za stoo na siku za wagonjwa hazilingani.

Inamfaa nani. Kliniki iliyoanza miezi michache iliyopita. Mfamasia na mganga mfawidhi wanaoagiza dawa. Na yeyote anayehitaji hoja ya kupeleka mbele ya timu ya afya ya halmashauri, kwa sababu "tuliomba 7,200, tulipata 5,000" ni sentensi isiyobishika.

## Mazao

Swali inalojibu. Je, huduma ilimfikia mtu, na ilikuwa kamili?

Takwimu na kazi yake. Zinatoka kwenye rejista ya kliniki na kadi za wagonjwa, na sehemu yake huishia kwenye ripoti za mifumo ya taarifa za afya, MTUHA na DHIS2. Kazi yake ni ya wastani, ila inategemea sana umechagua zao lipi. Idadi ya waliopimwa unaipata kwa kuhesabu mistari ya rejista. Zao lililo bora linataka usome safu moja zaidi.

Uharaka. Mwezi mmoja au robo mwaka. Kosa la Jumanne hii linaonekana kwenye ripoti ya mwezi huu.

Inavyopotosha. Kiashiria kinachopendwa kuliko vyote ni "idadi ya waliopimwa presha", na ndicho kinachonipa mashaka zaidi. Kwanza, rejista huandika mahudhurio, siyo watu. Mama mmoja aliyekuja mara tatu ndani ya robo mwaka ni mistari mitatu, na mwandishi wa ripoti akijumlisha mistari anapata watu watatu. Pili, namba hiyo haina namba ya chini yake. Elfu moja kati ya wangapi?

Kituo kimoja nilichokuwa nikikisaidia kilikuwa na chati nzuri ukutani, mstari wa waliopimwa ukipanda robo baada ya robo. Tulikuwa tumekaa na muuguzi wa zamu tukipitia kadi, akaniuliza, "Kaka, mbona dawa ya huyu ni ya siku saba tu kila mara?" Tukaanza kuzipanga kadi mezani. Dawa zilipokuwa chache walikuwa wanagawa za wiki moja ili kila mtu apate kidogo. Nia ilikuwa njema. Lakini mgonjwa wa siku saba anarudi mara nne kwa mwezi, kwa hiyo mahudhurio yalipanda kwa sababu dawa zilipungua. Chati ilikuwa inasherehekea upungufu, nami nilikuwa nimeipitisha kwenye ripoti mbili bila kuuliza.

Tangu hapo ninapendelea zao moja kwa kliniki ya presha: asilimia ya wagonjwa waliohudhuria na kuondoka na dawa za siku 30. Katika mfano wetu, 166 kati ya 240 waliondoka na dawa kamili, yaani asilimia 69. Angalia linavyofanya kazi. Linabeba ndani yake tatizo la stoo, lakini linalieleza kwa hesabu ya watu. Na mgao wa siku saba hauwezi kujificha humo, kwa sababu anayepewa vidonge saba hahesabiwi kati ya waliopata dawa kamili.

Bado lina mpaka wake. Kati ya dawa mkononi na presha kushuka kuna kumeza, na kliniki haioni kumeza. Mtu anaweza kuacha akijisikia nafuu, au kugawana vidonge na mwenzake nyumbani. Mshale huo kwenye ramani ni dhana, na ni vizuri kuiandika pembeni ya mshale wenyewe.

Inamfaa nani. Muuguzi msimamizi anayetaka kujua kama kazi ya wiki ilifanyika ipasavyo, na mratibu wa wilaya anayetembelea kituo kwa siku moja tu. Kadi 30 zilizochukuliwa bila kuchagua zinatosha kumpa picha.

## Matokeo

Hapa nitakaa zaidi, kwa sababu ndipo panapotakiwa uangalifu mwingi na ndipo watu wengi wanapokata tamaa mapema.

Swali inalojibu. Je, mgonjwa amenufaika? Kwa kliniki yetu: presha imeshuka chini ya 140/90? Viharusi na vifo ni hatua ya mbele zaidi kwenye ramani, lakini kituo kimoja hakiwezi kuvitumia kama kiashiria. Ni vichache kwa mwaka, vingine hutokea nyumbani, na hupanda na kushuka kwa bahati tu.

Takwimu na kazi yake. Njia inayopendekezwa na mpango wa HEARTS wa Shirika la Afya Duniani ni kufuata kundi. Unachukua wote walioandikishwa katika robo mwaka iliyoishia miezi sita iliyopita, unatafuta kipimo chao katika robo hii. Tuseme Januari hadi Machi waliandikishwa watu 60. Mwishoni mwa Septemba unafungua kadi hizo 60, unaangalia kipimo cha hudhurio la mwisho kati ya Julai na Septemba, na kila kadi unaiweka kwenye rundo moja kati ya matatu: presha imedhibitiwa, haijadhibitiwa, au hakuja kabisa. Kwa kadi 60, muuguzi mmoja na msaidizi wake humaliza mchana mmoja, ikiwa kadi zimepangwa kwa mwezi wa kuandikishwa. Zikiwa zimepangwa kwa majina, kazi hiyohiyo inakula siku mbili, kwa hiyo badilisheni mpangilio wa kabati kwanza.

Mfano wetu umetoa marundo haya: 27 wamedhibitiwa, 15 bado, 18 ni watoro.

Sasa, namba ya chini ni ipi? Wengi hugawanya 27 kwa waliokuja, yaani 42, na kupata asilimia 64. Hesabu sahihi kwa swali letu ni 27 kwa 60, asilimia 45. Watoro 18 walikuwa wagonjwa wetu, tuliwaandikisha sisi. Tukiwatoa, kliniki inayofukuza wagonjwa kwa lugha mbaya itaonekana bora kuliko inayowatunza, kwa sababu wanaobaki ni wale wasikivu. Waliofariki na waliohamishiwa kituo kingine wanahitaji kanuni yao. Muamue kabla ya kuhesabu, muiandike, na msiibadilishe robo inayofuata.

Msiishie kwenye asilimia 45. Marundo mawili yaliyobaki yanadai kazi mbili tofauti. Watu 15 wanaokuja na hawashuki ni suala la tiba: je, kipimo cha dawa kiliongezwa, au wamepewa kidonge kilekile kwa miezi sita? Fungua kadi 15 uhesabu ni ngapi dawa ilibadilishwa. Watu 18 wasiokuja ni suala la kufuatilia: simu, mhudumu wa afya ngazi ya jamii, nauli, foleni. Kiashiria kimoja, lakini kikifunguliwa kinakuambia Jumatatu uanzie wapi.

Uharaka. Kinachelewa. Kundi la kwanza lina jibu baada ya miezi sita hadi tisa. Kosa lililofanyika Februari linaonekana Septemba.

Inavyopotosha. Kuna njia tatu ambazo nataka uzibebe.

Ya kwanza ni udogo wa namba. Kwa watu 60, wagonjwa watatu tu ni pointi tano za asilimia. Ukitoka 45 hadi 50 robo inayofuata, huenda hakuna kilichobadilika. Kwa kundi la ukubwa huu, bahati peke yake inaweza kuisogeza asilimia kwa pointi kama 12 juu au chini. Tazama mwelekeo wa robo nne.

Ya pili ni kushuka kwa presha kusikotokana na dawa. Presha hupanda na kushuka siku hadi siku. Tunawaandikisha watu siku walipokutwa juu, kwa hiyo wakipimwa tena, wengi wao watasomeka chini kidogo hata kama hawakumeza kitu. Ndiyo sababu sipendi kiashiria cha "wastani wa presha umeshuka kwa kiasi fulani tangu kuandikishwa". Sehemu ya mshuko huo ni ya kipimo cha kwanza. Kinga yake ni kupima zaidi ya mara moja, siku tofauti, kabla ya kumwandikisha mtu, na kulinganisha kundi na kundi badala ya mtu na siku yake ya kwanza.

Ya tatu ni kalamu. Mstari wa 140/90 unajulikana na kila mtumishi, na bosi akianza kuuliza kuhusu asilimia, vipimo vya 138/88 huanza kuongezeka. Kuna njia rahisi ya kugundua. Chukua vipimo 100 vya presha kutoka kwenye rejista, utazame namba ya juu ya kila kipimo, uhesabu ngapi zinaishia na sifuri. Mashine ya kidijitali haina tarakimu inayoipendelea, kwa hiyo utarajie kama 10. Mashine ya mkono inayosomwa kwa milimita mbili mbili za zebaki utarajie kama 20. Ukikuta 60, mashine haisomwi, watu wanakadiria. Ukikuta lundo la 138 na hakuna 142, hamishia mazungumzo kwenye namna ripoti inavyotumiwa kituoni kabla ya kumlaumu muuguzi.

Inamfaa nani. Kliniki yenye zaidi ya miezi tisa, inayotunza kadi vizuri. Halmashauri inayolinganisha vituo kadhaa. Na wafadhili, ila wakubali kungoja.

## Zikiwekwa bega kwa bega

| | Pembejeo | Mazao | Matokeo |
|---|---|---|---|
| Mfano kwa kliniki ya presha | Vidonge vilivyopo dhidi ya mahitaji ya siku 30 | Walioondoka na dawa za siku 30 | Waliodhibitiwa kati ya wote walioandikishwa |
| Chanzo | Kadi ya stoo | Rejista na kadi | Kadi za kundi la robo mwaka |
| Huonya baada ya | Siku | Mwezi | Miezi 6 hadi 9 |
| Hupotosha kwa | Kuwepo bila kutumika | Mahudhurio kuhesabiwa kama watu | Watoro kuachwa nje, kukadiria vipimo |

## Uchague vipi, kwa hali yako

Kama kliniki ina chini ya miezi sita, usijilazimishe kuripoti matokeo. Weka pembejeo moja na zao moja, na tumia muda huo kupanga kadi kwa mwezi wa kuandikishwa. Kundi la kwanza likifika, kila kitu kitakuwa tayari.

Kama muuguzi ni mmoja na foleni ni ndefu, chukua kimoja kwa kila ngazi, vitatu jumla, vilevile vilivyo kwenye jedwali. Ukiona hata hivyo ni vingi, ukipunguze cha stoo kwa kuwa mfamasia ana kadi yake, lakini zao la siku 30 libaki.

Kama wewe ni mratibu wa halmashauri mwenye vituo vingi, matokeo kwa kila kituo kila robo na pembejeo ya dawa kila mwezi vinakutosha. Mazao uyaangalie kwa kadi 30 unapotembelea. Usivipange vituo kwa mashindano kwa robo moja. Kituo chenye watu 20 walioandikishwa kitapanda kileleni na kuanguka mkiani bila sababu yoyote ya kitabibu.

Kama fedha zinafuata kiashiria, kwa mfano kwenye mpango wa malipo kwa ufanisi, usifunge malipo kwenye kipimo cha presha peke yake. Kinaandikwa na mtu yuleyule anayelipwa kwa ajili yake. Changanya na zao ambalo mgonjwa anaweza kulithibitisha kwa simu: "Ulipewa vidonge vingapi?"

Kama matokeo yamekwama, mathalani asilimia 45 kwa robo nne mfululizo, usibadilishe kiashiria. Rudi nyuma kwenye ramani, kisanduku kwa kisanduku. Tazama kwanza marundo: ni watoro au ni wasioshuka? Kisha zao: wangapi waliondoka na dawa kamili miezi ile? Kisha stoo. Kwenye mfano wetu ungekuta watu 74 waliokosa dawa kwa mwezi mmoja. Andika namba za kadi zao, ulinganishe na kadi 18 za watoro. Majina yakifanana, simu ya kwanza iende bohari, na ya pili kwa wagonjwa hao, kuwaambia dawa imerudi.